Jua la Kaloleni na Malindi Si Mchezo: Saa za Kutoka, Maji ya Kubeba na Dalili Zinazomaanisha Hosi

Kama unasoma hii ukiwa Nairobi, mbogi imeshachanga doo na tiketi za SGR ziko kwa simu, ngoja kwanza. Cheki tarehe. Ikiwa ni kati ya Januari na Machi, mnateremka Pwani wakati wa kaskazi, msimu ambao joto liko juu kuliko miezi mingine yote. Plani mliyochora kwa grupu ya WhatsApp, ile ya kuamka saa tatu, kudishi polepole, halafu kuanza kuzunguka saa tano, hiyo ndiyo plani inayoangusha watu.

Si ati usiende. Enda, tena usiishie biche. Panda juu Kaloleni uone minazi na kaya za Wagiriama, kisha ushuke Malindi na Marafa. Lakini siku yako igawanye shifti mbili, ya alfajiri na ya jioni, na katikati ujifungie kwa kivuli kama popo. Hiyo ndiyo siri yote. Zingine hizi ni maelezo ya kuifanya ikubali.

Kwa nini nyuzi 32 za huku zinauma hivyo

Msee wa Nairobi akiona simu imeandika nyuzi 32, anasema hata Machakos hufika hapo. Ni kweli, ila hewa si ile ile. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho linakupoza tu likikauka. Likikudondokea bila kukauka, umepoteza maji na chumvi bure na joto limebaki ndani. Hewa ya Pwani imeshiba unyevu, kwa hivyo jasho halina pa kwenda. Nyuzi 32 zikikutana na unyevu wa asilimia 70, mwili unahisi kama nyuzi 41, na hiyo hesabu ni ya mtu aliyekaa kivulini. Ukisimama juani ongeza zingine.

Kinachookoa watu wa Malindi na Kilifi mjini ni upepo wa bahari. Ukiingia ndani kuelekea Kaloleni au Marafa, upepo huo unapungua. Kaloleni ina vilima, na ukiwa juu unapata kahewa, ila ukishuka bondeni kati ya mashamba hewa inasimama tuli. Marafa nayo, ile korongo inayojulikana kwa Kiingereza kama Jiko la Kuzimu na wenyeji wanaiita Nyari, ni shimo la mchanga na mawe mekundu. Kuta zake zinakula jua asubuhi yote, halafu mchana zinakurudishia. Chini hakuna upepo na hakuna mti. Unachomwa kutoka juu na kutoka pande zote kwa wakati mmoja.

Halafu kuna hii ambayo watu wengi hawajui. Adhuhuri ya kweli huku, yaani jua likiwa juu kabisa, Februari na Machi hufika mida ya saa sita na nusu. Wiki ya pili ya Machi, jua linapita karibu wima juu ya Malindi. Kivuli chako kinaingia chini ya viatu. Ukuta hauna kivuli, gari halina kivuli, na ule mti mwembamba uliokusitiri saa tatu asubuhi sasa haukusaidii. Hali inajirudia mwanzoni mwa Oktoba, japo hapo joto halijapanda sana. Ndiyo maana kusema "tutatembea upande wa kivuli" saa saba mchana ni maneno tu.

Na wewe mgeni mwili wako haujazoea. Mwili huchukua kama wiki moja hadi mbili kujifunza joto, yaani kuanza kutoa jasho mapema, jasho jingi, lenye chumvi kidogo. Siku mbili tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi, na wikendi ya watu wengi ndiyo hiyo hiyo siku mbili tatu. Ongeza basi la usiku ambalo hukulala, ongeza chupa mlizomaliza mkifika, na umeanza siku ya kwanza ukiwa umeshapungukiwa. Kijana wa mtaa kumuona anabeba mawe ya kujengea saa nane haimaanishi na wewe unaweza.

Siku moja, shifti mbili

Tuchukue mbogi ya watu wanne wamelala Kilifi mjini, wana ndai ya kukodisha, na Jumamosi moja ya Machi wanataka kuona kaya upande wa Kaloleni na pia machweo ya Marafa. Plani ya kawaida ingewafikisha kaya saa tano, mangweni kwa mnazi saa saba, na Marafa saa tisa. Ukiangalia vizuri, hizo ndizo saa tatu mbovu za siku, na pombe katikati. Tuipange upya.

Wanatoka Kilifi saa kumi na moja na robo alfajiri. Wanavuka daraja hadi Mavueni, wanaingia barabara ya ndani, na mida ya saa kumi na mbili na nusu wako Kaloleni jua likichomoza. Mahali kama Kaya Fungo, ambayo ni kati ya kaya za Wamijikenda zilizoingizwa na UNESCO kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008, huingii kama unaingia moli. Lazima wazee wakubali na mtu wa hapo awatembeze, kwa hivyo hiyo mambo inapangwa siku iliyotangulia, na unawaambia wazi mnataka kuanza mapema. Ukifika uwaite "mzee" au "baba" kwa heshima, usikilize masharti, na uyafuate. Hizi ni sehemu takatifu. Unaweza kuambiwa ujifunge shuka au uvue viatu, na hapo utaelewa uzuri wa kuwa huko saa moja na si saa saba, kwa sababu mchanga wa mchana unachoma nyayo.

Msitu wenyewe una kivuli kizito. Shida ni njia ya kuufikia na kurudi. Wakimaliza saa mbili na nusu, wanakula mahamri kwa mbaazi na chai mjini Kaloleni, na saa tatu na nusu wako kwa barabara. Saa nne na nusu wamerudi Kilifi.

Kutoka hapo hadi saa tisa hakuna kitu. Namaanisha hakuna kitu. Oga, lala chini ya feni, kula, cheza karata. Feni inasaidia sana ukiwa na ngozi yenye maji, kwa hivyo usijifute kabisa ukitoka kuoga. Kama hamna chumba, tafuteni mwembe au mkorosho. Kivuli cha mnazi ni cha kupiga picha tu. Majani yake yamepasuka, jua linapenya, na kivuli chenyewe kinahama kila dakika kumi. Na usilale chini ya mnazi wenye nazi, hiyo huhitaji daktari akuambie.

Saa tisa wanawasha gari. Kilifi hadi Malindi, kisha daraja la Sabaki, kisha ndani hadi Marafa, ni kama saa mbili. Saa kumi na moja wanashuka korongoni jua likiwa limelala, na rangi ya zile kuta ni moto ile poa. Jua linazama mida ya saa kumi na mbili na nusu. Lakini anzeni kupanda kabla giza halijaingia, kwa sababu mlima wa kutoka ndio unaochosha, na mawe yanakuwa bado na joto. Usiku wanalala Malindi.

Kuna kitu kimoja kwa hii Pwani ambacho hakifuati shifti zako, nacho ni maji ya bahari. Ukitaka kwenda kwa boti ya kioo Malindi ndani ya hifadhi ya baharini, au kusimama kwa ule mchanga wa katikati ya maji pale Mayungu, lazima maji yatoke. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji huku yanapwa sana mida ya saa nne na saa tano asubuhi. Yaani mchanga unatokeza vizuri kabisa wakati jua linaelekea juu kabisa, na mko katikati ya bahari bila mti hata mmoja, jua likiruka kutoka kwa maji na mchanga mweupe. Dawa yake ni tarehe. Siku mbili tatu kabla ya mwezi kujaa, maji yanapwa mapema zaidi, mida ya saa mbili na saa tatu, kwa sababu kila siku yanachelewa kama dakika 50. Muulize nahodha siku iliyotangulia, "Kesho maji yanatoka saa ngapi?" Akisema saa tano, enda ukiwa umevaa mikono mirefu, chagua boti yenye paa, na saa sita uwe umerudi nchi kavu.

Maji: kiasi gani, na kwa nini si maji peke yake

Kanuni rahisi ni glasi moja kila dakika 20 ukiwa unatembea, kiu isikungoje. Hiyo inafika kama robo tatu lita kwa saa. Kwa ile mbogi yetu, asubuhi ni saa mbili za kutembea, lita moja na nusu kwa kila mtu. Mchana wa kupumzika na barabara, lita nyingine mbili pamoja na kile wanakunywa na chakula. Jioni Marafa, lita moja na nusu tena. Jumla ni kama lita tano kwa mtu, watu wanne lita 20. Huo ni mtungi mmoja wa maji ya kunywa, mzima. Ongeza wa lita kumi wa maji ya bomba kwa buti, si ya kunywa. Kazi yake utaiona mbele.

Lakini usijaze tumbo kama dramu. Ukinywa zaidi ya lita moja na nusu kwa saa, saa baada ya saa, maji matupu, unazimua chumvi ya damu, na hiyo ina kichwa na kutapika kwake, hadi degedege. Watu wanachanganya na joto, wanaongezewa maji, wanazidi kuumia. Jasho linatoka na chumvi, kwa hivyo chumvi irudi. Haihitaji kitu cha bei. Viazi karai, muhogo wa kukaanga wenye chumvi na pilipili, mbaazi, supu, kachumbari, hivyo vyote vinafanya kazi. Ukiwa umetoka jasho sana, koroga pakiti ya ORS kutoka kemisti, au ujitengenezee mwenyewe kwa lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Usikadirie kwa macho. Chumvi ikizidi ni mbaya kuliko ikikosa.

Madafu je? Kunywa, ni tamu na yana potasiamu nyingi. Ila chumvi ya kawaida yanayo kidogo, kwa hivyo dafu na muhogo wa chumvi ni kombi safi kuliko dafu peke yake. Mnazi nao, ile pombe ambayo Kaloleni inajulikana nayo, uwekee usiku. Pombe inakukojoza, inakufanya usisikie dalili, na kesho asubuhi unaanza na deni. Hata ule mtamu uliogemwa asubuhi unaendelea kuchacha ndani ya kibuyu ukiwa unaangalia.

Kipimo chako ni choo. Mkojo ukiwa na rangi ya majani makavu hafifu, uko sawa. Ukifanana na chai ya rangi, umechelewa. Na kama tangu asubuhi hadi saa nane hujaenda hata mara moja, wewe hujakunywa, hata kama chupa iko mkononi.

Wakati wa Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia kaskazi, mtu anayefunga hawezi kufuata hiyo ratiba. Basi shifti ya jioni iondoke kabisa, ibaki ile ya baada ya daku. Kama hufungi, kunywa maji yako, lakini si katikati ya Malindi ya zamani mbele ya watu wenye kiu.

Nguo

Watu wa huku walishamaliza hii topiki zamani. Dera, kanzu, leso, kikoi, zote ni pana na hewa inapita katikati. Jinzi nyeusi na jezi ya mpira inayobana ni kinyume chake. Shati la pamba la mikono mirefu, rangi nyepesi, linakupoza kuliko tisheti isiyo na mikono, kwa sababu jua linapiga kitambaa badala ya ngozi. Kofia iwe na ukingo wa kuzunguka, zile za ukindu sokoni ni bora kuliko kepu, ambayo inaacha shingo na masikio yakiungua.

Kitu cha maana zaidi kwa begi ni leso moja. Ilowe maji, ikamue, ijifunge shingoni na kichwani. Maji yanayokauka kutoka kwa leso yanafanya kazi ile ile ya jasho, ila hayatoki mwilini mwako. Palipo na upepo utahisi tofauti mara moja. Chini ya korongo bila upepo inasaidia kidogo tu, pepea. Ukianza kutoka vijipele vinavyowasha mgongoni na kiunoni, hiyo ni harara. Oga maji baridi, kausha, vaa nguo pana, na usijipake mafuta mazito, yanaziba.

Mwenzako akianza kulegea

Hapa usome polepole. Hatua ya kwanza ni mwili kuchoka na joto. Jasho linatiririka, kichwa kinagonga, kichefuchefu, miguu inakazwa misuli, anaona kizunguzungu akisimama. Lakini anaongea sawa. Mtoe juani, mlaze, inua miguu, legeza nguo, mloweshe, mpepee, mpe ORS kwa vikombe vidogo. Akae hapo. Ndani ya nusu saa anatakiwa awe anarudi. Asiporudi, au akitapika kila anachokunywa, hosi. Akirudi pia, siku yake imeisha. Hakuna kusema amepata nguvu tumalizie Marafa.

Hatua ya pili ni kiharusi cha joto, na hiyo inaua. Joto la ndani limepita nyuzi 40 na ubongo unaanza kufeli. Usitafute ngozi kavu peke yake, kwa sababu mtu aliyekuwa akitembea anaweza kuwa bado analowa jasho. Tafuta akili. Muulize, "Leo ni siku gani? Tumelala wapi jana?" Akijibu ovyo, akiwa mkali bila sababu, akipepesuka kama mlevi, akianguka au kushikwa na degedege, acha mjadala. Hapa mbogi zilizokunywa ndizo hupoteza watu, maana kila mtu anasema huyo amelewa tu, mwacheni alale.

Poza kwanza, safirisha baadaye, au fanya vyote pamoja. Ule mtungi wa lita kumi ndio huu wakati wake. Mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, rudia. Mkipata barafu kutoka kwa duka la soda, funga kwa leso, weka shingoni, kwapani na kwenye kinena. Mtu aliyechanganyikiwa usimpe maji mdomoni, yataingia mapafuni. Usimpe panadol, haishushi joto la aina hii na inaweza kuumiza ini. Piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu 1199, na ambulensi ikiwa mbali msingoje. Ndai, probox, tuktuk, chochote, madirisha wazi, mkiendelea kumlowesha njiani. Ukiwa Kaloleni kuna hospitali ya St Luke's hapo mjini na nyingine Mariakani. Ukiwa Marafa, hospitali kubwa ni Malindi, saa moja hivi, na hiyo saa moja ndiyo sababu ya kupoza kabla ya kuwasha gari.

Kuna mtego mwingine. Kilifi ina malaria. Mtu mwenye joto la mwili, kichwa na kutapika anaweza kuwa na jua, malaria, au vyote. Ukishampoza akarudi sawa, halafu usiku au kesho joto likapanda tena akiwa ndani ya nyumba, hilo si jua. Apimwe damu. Na ukirudi Nairobi ukashikwa na homa wiki moja au mbili baadaye, mwambie daktari ulikuwa Pwani.

Ukidhani hizi ni za wazee tu, cheki Hija ya 2024. Maka ilifika nyuzi 51.8, na Saudia ikatangaza watu 1,301 wamekufa. Wengi wao hawakuwa na vibali rasmi, kwa hivyo walitembea mbali juani bila hema wala pa kupumzikia. Joto lilikuwa moja kwa wote, kivuli ndicho hakikuwa. Huku kwetu hatufiki nyuzi hizo, ila wale wa kuangalia kwanza kwa gari lenu ni watoto, wajawazito, shosh na guka, na yeyote anayemeza dawa za presha zinazokojoza. Hao wabaki Kilifi shifti ya jioni, au mkae nao chini ya mwembe. Na mtoto asiachwe ndani ya gari lililoegeshwa, hata dakika tano za kununua muhogo, hata kioo kikiwa kimefunguliwa kidogo.

Ukiwa unapanga tarehe, Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri na tahadhari za joto. Soma unyevu pia, si nyuzi peke yake, na uangalie usiku. Usiku ukikataa kushuka na umelala ukitoka jasho hadi asubuhi, mwili haujapumzika, hivyo shifti ya kesho ipunguze nusu.